Shajara ya mradi wa rejista ya leseni: benki, bima na mawasiliano

Januari 2025: mipaka ya kazi

Ombi lililoanzisha mradi huu limetoka kitengo cha manunuzi. Kabla ya kusaini mkataba na benki, kampuni ya bima au mtoa huduma za intaneti, kitengo hutaka kujua kama kampuni hiyo inaruhusiwa kisheria kufanya kile inachouza. Mpaka sasa utaratibu umekuwa mwepesi: mwombaji anaambatisha kivuli cha leseni, afisa anakigonga muhuri, na jalada linafungwa. Kasoro ya utaratibu huo ni kwamba kivuli kinasema hali ilivyokuwa siku leseni ilipotolewa, na hakisemi lolote kuhusu kilichotokea baadaye. Isitoshe, mwenye kuomba kazi ndiye anayechagua karatasi ya kutuonyesha.

Tumekubaliana kujenga rejista yetu wenyewe kutokana na orodha zinazotolewa na wadhibiti watatu wa Tanzania, yaani Benki Kuu (BoT), Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Soko la mitaji, nishati na usafiri havimo kwa sasa.

Swali la kwanza lililotuchukulia muda ni muundo wa jedwali. Pendekezo la awali lilikuwa mstari mmoja kwa kila kampuni, pamoja na kisanduku cha "ana leseni / hana leseni". Pendekezo hilo halikudumu, kwa sababu leseni katika sekta hizi haijibiwi kwa ndiyo au hapana. Kampuni moja inaweza kushikilia leseni kadhaa za mdhibiti mmoja, na nyingine kwa mdhibiti wa pili, kila moja ikiwa na mipaka yake na tarehe zake. Kwa hiyo mstari mmoja utakuwa leseni moja, na kampuni itatambulika kwa namba yake ya usajili, kwa kuwa jina hubadilika lakini namba haibadiliki.

```sql
CREATE TABLE leseni (
  namba_kampuni TEXT,
  msajili       TEXT,  -- BRELA au BPRA
  jina_kisheria TEXT,
  mdhibiti      TEXT,  -- BoT, TIRA, TCRA
  aina          TEXT,
  eneo          TEXT,
  imeanza       DATE,
  inaisha       DATE,
  hali          TEXT,
  ilionekana    DATE,
  alama_faili   TEXT
);
```

Safu ya `msajili` inahitaji maelezo. BoT, TIRA na TCRA zinafanya kazi pande zote mbili za Muungano, lakini usajili wa kampuni si jambo la Muungano: Bara kuna BRELA, na Zanzibar kuna BPRA. Anayeitafuta benki ya PBZ katika mfumo wa BRELA, akakosa usajili wake wa kuanzishwa na kuandika kwamba kampuni haipo, atakuwa ameuliza ofisi isiyohusika, kwani benki hiyo ilianzia Zanzibar na leseni yake ya benki imetolewa na BoT kama ilivyo kwa benki nyingine. Namba peke yake nayo haitoshi kuwa kitambulisho, maana wasajili wawili wanaweza kutoa namba zinazofanana. Ndiyo sababu tumeziunganisha safu hizo mbili kuwa ufunguo mmoja.

Januari, mwishoni: kutoka jina la bango hadi jina la kampuni

Tumeanza na mawasiliano, tukidhani ndiyo sekta rahisi kwa kuwa mitandao mikubwa ni michache na kila mtu anaijua. Ugumu unatokana na hilohilo, kwamba kila mtu anaijua kwa jina la bango. Katika orodha ya wenye leseni hutaikuta Halotel kama kampuni, kwa sababu kampuni yenyewe ni Viettel Tanzania na Halotel ni jina la biashara. Mtandao uliojulikana kwa miaka mingi kama Tigo ulibadilishwa jina kuwa Yas mwezi Novemba 2024, baada ya wamiliki wapya kuuchukua kutoka kwa Millicom mwaka 2022, ilhali jina la kampuni lilikuwa limeshabadilishwa kuwa Honora Tanzania. Mtu akitafuta "Yas" leo na "Tigo" kesho katika orodha za miaka tofauti, anaweza kuondoka na kampuni mbili au asipate hata moja.

Hivyo tumeongeza jedwali dogo la majina ya biashara, likiwa na tarehe za kuanza na kukoma kutumika kwa kila jina. Jedwali hili linajazwa kwa mkono. Mahali pa kuaminika pa kulipata jina la kisheria ni katika maandishi ambayo kampuni yenyewe inabanwa nayo: vigezo na masharti ya huduma, stakabadhi ya kodi, mkataba, au ukurasa wa mwisho wa taarifa za fedha. Mabango na kurasa za mitandao ya kijamii hatuvitumii.

Jambo la pili ni aina za leseni. Tangu mwaka 2005 TCRA inatumia mfumo wa leseni uliounganishwa, usiotazama teknolojia bali kazi inayofanywa, na mfumo huo ukatiwa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kuna leseni ya miundombinu ya mtandao, inayomhusu mwenye minara, nyaya na mitambo. Kuna leseni ya huduma za mtandao, kwa anayeuendesha mtandao unaobeba mawasiliano. Ya tatu ni leseni ya huduma za matumizi, kwa anayemuuzia mteja wa mwisho sauti au intaneti, na ya nne ni ya huduma za maudhui, ambako ndiko waliko watangazaji. Katika orodha za kiingereza za mamlaka zinaonekana kwa vifupisho NF, NS, AS na CS. Juu ya hapo kuna mipaka ya eneo: kimataifa, kitaifa, kimkoa au kiwilaya.

Kwa kitengo cha manunuzi tofauti hizi ni za vitendo kabisa. Kampuni ndogo ya intaneti inayokuja na leseni ya huduma za matumizi pekee inaruhusiwa kutuuzia intaneti, lakini njia inayopitisha intaneti hiyo ni ya kampuni nyingine yenye leseni ya kuendesha mtandao. Hilo si kosa la kisheria. Hata hivyo, zabuni ikitaka mtoa huduma atandaze nyaya zake kati ya ofisi zetu mbili zilizoko mikoa tofauti, leseni hiyo haifiki huko, na ile yenye mpaka wa wilaya haifiki hata ikiwa ni ya aina sahihi. Matumizi ya masafa ya redio nayo yana leseni yake ya pembeni. Kwa hiyo jibu la "kampuni hii ina leseni ya TCRA" tumelipiga marufuku katika taarifa zetu. Aina na eneo lazima viandikwe.

Februari: pesa za simu

Tumefika mahali ambapo sekta mbili zinagusana. Mteja anaona laini moja na programu moja, lakini nyuma yake kuna kampuni mbili na wadhibiti wawili. Vodacom Tanzania PLC ndiyo yenye leseni za TCRA, wakati huduma ya M-Pesa iko chini ya M-Pesa Limited, kampuni tanzu inayosimamiwa na BoT kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Halotel nayo inafuata mpangilio huohuo kupitia kampuni yake tanzu ya HaloPesa. Katika rejista yetu kampuni mama na kampuni tanzu ni vitu viwili vilivyofungwa na uhusiano wa umiliki, na leseni ya mmoja haihesabiwi kuwa ya mwingine.

Mwenzetu mmoja alipendekeza tuandike kanuni ya jumla kwamba pesa za simu daima huwa na kampuni yake. Tumeikataa, kwa sababu kanuni hiyo haivuki mpaka wa Namanga. Kenya, M-Pesa inaendeshwa na Safaricom PLC yenyewe, nayo ndiyo inayoonekana kwa Benki Kuu ya Kenya kama mtoa huduma za malipo, huku kampuni hiyohiyo ikiwa na leseni za mawasiliano. Jina la huduma ni moja, umbo la kisheria ni tofauti. Iwapo siku moja rejista itapanuliwa, kila nchi itasomwa kwa sheria zake.

Suala la mipaka ya nchi limejitokeza pia upande wa benki. CRDB ina kampuni tanzu Burundi tangu 2012 na nyingine katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu 2023, na kila moja inafanya kazi kwa idhini ya benki kuu ya nchi ilipo. Leseni iliyotolewa na BoT kwa CRDB Bank PLC haimruhusu yeyote kupokea amana Bujumbura au Lubumbashi. Tunalitaja hili kwa sababu limegusa moja kwa moja zoezi la kulinganisha majina, linaloelezwa hapa chini.

Februari, mwishoni: kusoma faili na kulinganisha majina

Sehemu kubwa ya orodha hutolewa kama faili za PDF. Hatua yetu ya kwanza kwa kila faili ni kuihifadhi kama ilivyo, na kuandika tarehe tuliyoipakua pamoja na alama yake ya `sha256sum`, ili baadaye mtu akiuliza tulisoma nini tuweze kumwonyesha faili ileile. Wadhibiti hubadilisha orodha kwa kuweka mpya mahali pa ile ya zamani, kwenye anwani hiyohiyo ya tovuti. Asiyehifadhi hubaki bila ushahidi. Kwa miaka iliyopita tumepata nakala kadhaa kwenye web.archive.org, ingawa si za kila mwezi.

Hatua ya pili ni kutoa maandishi:

```
pdftotext -layout orodha.pdf orodha.txt
pdffonts orodha.pdf
```

Amri ya pili ni ya kupimia. Ikiwa `pdffonts` haionyeshi fonti yoyote, faili ni picha ya karatasi iliyoskaniwa, na `pdftotext` itatoa kurasa tupu bila kulalamika. Hili ni muhimu kulijua mapema, kwa sababu programu inayotafuta jina katika faili tupu hujibu "halimo" kwa uhakika uleule ambao ingejibu kama kweli halimo. Faili za namna hiyo tunazipitisha kwenye `tesseract`, programu inayosoma maandishi yaliyo ndani ya picha, kisha mtu anasoma namba zote kwa macho, maana sifuri na herufi O hubadilishana nafasi kwa urahisi.

Tatizo jingine ni majina marefu yanayokatika na kuendelea mstari wa pili. Neno "LIMITED" likibaki peke yake kwenye mstari, msomaji wa kompyuta huliona kama kampuni nyingine. Tunapima kwa kulinganisha idadi ya mistari tuliyoipata na namba ya mwisho ya orodha yenyewe, na zisipolingana hatuendelei.

Baada ya hapo tunasawazisha majina: herufi zote kubwa, alama za uandishi zinaondolewa, "LTD" inakuwa "LIMITED", "PUBLIC LIMITED COMPANY" inakuwa "PLC", na "(T)" inakuwa "TANZANIA". Usawazishaji huo umemaliza sehemu kubwa ya tofauti. Yaliyobaki tulitaka kuyaachia kipimo cha ufanano, na majaribio yameonyesha mahali kipimo kinapokomea.

```python
from rapidfuzz import fuzz
fuzz.token_set_ratio("CRDB BANK", "CRDB BANK BURUNDI")  # 100
fuzz.token_set_ratio("HALOTEL", "VIETTEL TANZANIA")     # chini
```

Kipimo hiki hutoa alama kamili pale maneno yote ya jina moja yanapopatikana ndani ya jingine. Kwa hiyo kinaziona benki mbili za nchi mbili kuwa kitu kimoja, na papo hapo kinashindwa kuunganisha Halotel na mwenye leseni yake. Upande wa bima hatari iko karibu zaidi: Alliance Insurance Corporation ni ya bima za kawaida, Alliance Life Assurance ni ya bima za maisha, na neno linalozitofautisha ndilo linalobeba aina ya leseni. Mtu akiunganisha mistari hiyo, rejista itasema kampuni ya bima za magari inaruhusiwa kuuza bima ya maisha.

Uamuzi wetu ni kwamba kipimo kitumike kupendekeza tu, kwa `token_sort_ratio` ambacho hakisamehe maneno ya ziada, na kila pendekezo lithibitishwe na mtu kwa namba ya usajili. Kazi hii inachosha. Binafsi sioni njia ya kuikwepa, na nina mashaka na rejista yoyote ya aina hii inayodai kwamba imeikwepa.

Machi: benki zilizobadilika

Benki zina orodha iliyo nadhifu kuliko sekta nyingine, lakini zina historia inayohitaji uangalifu. Kutoweka kwa jina katika orodha ya mwaka unaofuata kunaweza kuwa na sababu nne tofauti, na kila sababu ina jibu lake kwa mtu anayeuliza kuhusu mkataba wa zamani.

Sababu iliyo nyepesi ni kubadilisha jina. TPB Bank, ambayo wengi bado wanaiita Benki ya Posta, imekuwa Tanzania Commercial Bank tangu 2021, na namba yake ya kampuni ni ileile. Karibu na hiyo ni hali ambapo mmiliki na jina vinabadilika lakini kampuni inaendelea, kama ilivyokuwa Access Microfinance Bank ilipochukuliwa na Selcom na kuitwa Selcom Microfinance Bank. Hapa leseni inaifuata kampuni, ingawa mabadiliko ya umiliki yenyewe yanahitaji idhini ya Benki Kuu.

Ya pili ni kuungana. Commercial Bank of Africa na NIC Bank zilikuwa na benki tanzu nchini, na mwaka 2020 zikaunganishwa kuwa NCBA Bank Tanzania. Katika hali hii leseni moja inaishia pale, na anayetafuta mrithi wa mikataba hana budi kufuata masharti ya muungano.

Ya tatu ndiyo iliyotulazimisha kuongeza thamani mpya katika safu ya `hali`. Agosti 2018 BoT iliiweka Bank M chini ya usimamizi wake kwa sababu ya upungufu wa ukwasi, na Januari 2019 ikatangaza kuhamishia mali na madeni yake Azania Bank. Wateja walihamia Azania, mikopo ikahamia Azania, lakini leseni haikuhamia popote, kwa kuwa Azania ilikuwa na yake tayari. Mtu akichora mshale kutoka Bank M kwenda Azania na kuuita "kubadilisha jina", rejista itadai kwamba Azania ilianza mwaka ambao Bank M ilianza, jambo ambalo si kweli. Thamani tuliyoongeza ni `mali_na_madeni_vimehamishwa`, nayo inaelekeza kwa kampuni iliyopokea bila kuigusa historia ya leseni yake.

Ya nne ni kufutiwa leseni. Tarehe 4 Januari 2018 BoT ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Kwa benki hizo tarehe tunayo kutoka taarifa kwa umma ya Benki Kuu yenyewe, hivyo safu ya `inaisha` imejazwa kwa uhakika. Tumeweka sharti kwamba neno "imefutwa" litumike pale tu tunapokuwa na tangazo la mdhibiti mkononi. Kukosekana kwa jina katika orodha hakutoshi kuliandika.

Sharti hilo limezaa mjadala mrefu kuhusu maneno ya hali kwa ujumla. Tulichoafikiana ni kwamba safu inasema tulichokiona na siku tuliyokiona: `imeonekana`, `haikuonekana`, `imesitishwa_kwa_tangazo`, `imefutwa_kwa_tangazo`, pamoja na `mali_na_madeni_vimehamishwa` iliyotajwa juu. Kitengo cha manunuzi kilitaka rangi ya kijani na nyekundu. Tumewaeleza kwamba "haikuonekana" si nyekundu wala kijani: inawezekana orodha ni ya zamani kuliko leseni, inawezekana kampuni iko katika orodha nyingine ya mdhibiti yuleyule, na inawezekana kweli haina leseni. Hatua inayofuata ni barua kwa mdhibiti, ikitaja jina la kisheria, namba ya usajili na aina ya leseni inayodaiwa. Barua inayouliza kwa jina la biashara tu hurudi na swali badala ya jibu.

Aprili: mfano mmoja hadi mwisho

Ili kuujaribu mfumo mzima tumechukua ombi halisi. Mfanyakazi alitaka kujua kama kampuni fulani ya mikopo ya simu, ambayo hatutaitaja, inaruhusiwa kukopesha, kwa kuwa makato yake yangepitia mishahara.

Programu yenyewe haikuwa na jina la kampuni kwenye ukurasa wa kwanza. Tulilipata jina katika sera ya faragha, aya ya mwisho, likiwa limeandikwa bila neno "Limited". Katika mfumo wa BRELA kulikuwa na kampuni yenye jina hilo, iliyosajiliwa kihalali. Tulipopiga simu kuomba leseni ya Benki Kuu, afisa wa huduma kwa wateja alijibu, "Dada, sisi tumesajiliwa na Serikali, cheti nakutumia sasa hivi," na kweli akatuma nyaraka mbili: cheti cha usajili wa kampuni na leseni ya biashara ya halmashauri.

Nyaraka zote mbili zilikuwa halali, na hakuna iliyojibu swali. Cheti kinathibitisha kwamba kampuni ipo. Leseni ya biashara inaruhusu kufungua ofisi na kufanya biashara katika eneo la halmashauri husika. Ruhusa ya kukopesha umma inatokana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayogawa watoa huduma katika madaraja manne: daraja la kwanza wanapokea amana, daraja la pili wanakopesha bila kupokea amana, la tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii. Kampuni ya mikopo ya simu iko daraja la pili, na leseni yake inatoka BoT. SACCOS hupewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika na vikundi husajiliwa kupitia halmashauri, kwa mamlaka iliyokasimiwa, jambo ambalo pengine ndilo linalowachanganya wengi wanaoona muhuri wa halmashauri.

Katika orodha ya daraja la pili kampuni ilionekana. Ingekuwa rahisi kufunga jalada hapo. Lakini tangu Agosti 2024 kuna mwongozo wa BoT kwa wakopeshaji wa kidijitali walio daraja la pili, na kwa mwongozo huo kuwa na leseni ya kukopesha hakutoshi: programu yenyewe inahitaji idhini. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kutimiza masharti hayo. Orodha ile ilikuwa ya majina ya programu, ilhali orodha ya leseni ni ya majina ya kampuni, na hapo jedwali letu la majina ya biashara likaonyesha kazi yake. Kampuni yetu ilikuwa na programu mbili zenye majina tofauti. Moja haikuwamo katika orodha ya 69, nyingine ilikuwamo, na mfanyakazi alikuwa ameipakua hiyo ya pili.

Jibu tulilompelekea kitengo lilikuwa na sentensi tatu: kampuni ilionekana katika orodha ya daraja la pili kwa tarehe iliyoandikwa, programu iliyotumiwa imetajwa katika tangazo la Novemba 2024, na hatujaona tangazo la baadaye linaloiondoa humo. Uamuzi wa makato ni wao. Kwa programu ile ya kwanza tumeandika barua BoT, kwa sababu kutokuwamo kwenye orodha ya waliokatazwa hakumaanishi kuwa imeidhinishwa.

Mei: bima

Kampuni za bima zenyewe tumezimaliza haraka, isipokuwa zile zenye majina pacha zilizotajwa juu. Kazi iliyobaki ni ya mawakala na madalali, ambao ni wengi, na ambao ndio hasa wanaokutana na mteja. Benki nazo zimo humo, kwani benki inayouza bima kwenye matawi yake inafanya hivyo kama wakala aliyesajiliwa na TIRA. Leseni ya BoT ya benki hiyo haimpi ruhusa hiyo. Kwa kila benki iliyomo katika rejista tumeongeza swali la kama ina mstari wa pili upande wa TIRA, na kwa kampuni gani za bima.

Ipo huduma ya TIRA ya kuhakiki bima ya gari mtandaoni kwa namba ya gari au ya stika, na baadhi ya maafisa wetu walikuwa wakiitumia kama uthibitisho wa leseni. Huduma hiyo inathibitisha kwamba bima ile ipo na ni ya tarehe zipi. Haielezi kama dalali aliyeiuza bado amesajiliwa, wala kama kampuni inaruhusiwa kuuza aina nyingine ya bima tunayoitaka, kwa mfano ya afya au ya mitambo. Tumeiweka katika jedwali la hati za bima, mbali na jedwali la leseni.

Safu ya `inaisha` kwa mawakala ina nafasi nyingi tupu, kwa kuwa orodha tulizonazo hazitaji tarehe ya ukomo kwa kila mmoja. Tumeamua kutokisia tarehe kwa kuangalia muda wa kawaida wa leseni. Nafasi zitabaki tupu hadi wakala husika atoe nakala ya cheti, na mpaka hapo kitengo cha manunuzi kitapata tarehe ya `ilionekana` peke yake. Orodha ya madalali itasomwa kwanza, kisha mawakala wa mikoa ambayo ofisi zetu zina magari.